Sentimita za Kurwa na Doto

Chukua mapacha wawili wa kike waliozaliwa mimba ikiwa na wiki 36. Nitawaita Kurwa na Doto, kwa mpangilio ule ule wa siku zote: Kurwa katangulia, Doto kamfuata. Sijawatoa katika familia yoyote. Nimewatunga, ila vipimo vyao ni vya aina ambayo muuguzi yeyote wa wodi ya wazazi amekwisha kuviandika mara nyingi. Kurwa ana kilo 2.4 na urefu wa sentimita 46. Doto ana kilo 1.9 na urefu wa sentimita 44. Wote wawili wana afya, wanalia kwa nguvu na wananyonya. Shangazi aliyekuja kuwatazama anasema kimoyomoyo kwamba hawa watakuwa wafupi.

Anachokiona shangazi ni kweli. Mtoto wa kike aliyezaliwa peke yake na mimba ikatimia huwa na urefu wa sentimita 49 hivi, na wa kiume sentimita 50, uzito ukiwa kilo tatu na ushei. Pacha kwa wastani huwa na kilo mbili na nusu au pungufu kidogo, na urefu unaopungua sentimita tatu au zaidi. Lakini kutoka katika ufupi huo kwenda kusema watabaki wafupi ni mwendo mrefu, na mapacha wengi hawaufuati. Ili kujua ni nani atafikia wenzake na lini, yafaa kwanza kujua sentimita zilizopungua zilipotelea wapi, kwa sababu hazikupotea zote mahali pamoja.

Sehemu kubwa haikupotea kabisa. Ilikuwa bado haijafika. Mimba ya mtoto mmoja huchukua wiki 40, lakini ya mapacha kwa wastani huishia kati ya wiki ya 36 na ya 37. Tumbo lililobeba wawili hujaa mapema, na uchungu nao huja mapema. Wakati mwingine madaktari wenyewe huamua watoto watolewe kabla ya wiki 40, kwa kuwa kuwaacha zaidi kuna hatari. Sasa, katika wiki hizo za mwisho mtoto aliye tumboni hurefuka kwa kiasi kinachokaribia sentimita moja kila wiki. Anayezaliwa wiki nne mapema huja akiwa na upungufu wa sentimita tatu hivi, hata kama kila kitu tumboni kilikwenda vizuri.

Mtazame Kurwa kwa jicho hilo. Sentimita 46 katika wiki ya 36 ndio urefu wa kawaida wa mtoto yeyote wa wiki hizo, pacha au si pacha. Kurwa si mfupi, amewahi tu kuzaliwa. Sentimita tatu anazopungukiwa ni za mwezi ambao angeumalizia tumboni, na ataumalizia kwenye mikono ya mama yake.

Kwa Doto kuna jambo la pili. Amezaliwa siku ile ile, kwa hiyo naye anadai mwezi ule ule, lakini ni mfupi hata kwa mtoto wa wiki 36. Sentimita mbili zimekosekana humo humo tumboni. Hapa tunafika kwenye kondo la nyuma.

Mapacha hukua sawa na mtoto wa pekee mpaka mimba inapofika kati ya wiki ya 28 na ya 32. Kabla ya hapo chakula kinachopita kwenye kondo huwatosha wote. Baada ya hapo mahitaji ya watoto wawili huanza kuzidi kile ambacho mwili wa mama mmoja na mfuko mmoja wa uzazi vinaweza kuwapa, na kasi yao hupungua. Uzito ndio huumia zaidi. Urefu huumia kidogo, kwa sababu mwili ukibanwa huacha kwanza kujiwekea mafuta na kuendelea kuijenga mifupa na ubongo. Ndiyo maana pacha wengi huzaliwa wembamba kuliko walivyo wafupi.

Mgawanyo wa chakula hicho hauwi sawa kila wakati. Mapacha wasiofanana, waliotokana na mayai mawili, kila mmoja huwa na kondo lake, ingawa mara nyingine makondo hayo hugusana mpaka yakaonekana kama moja. Wanaofanana, waliotokana na yai moja lililogawanyika, kwa sehemu kubwa hutumia kondo moja. Kitovu cha mmoja kikiwa kimejishikiza katikati ya kondo na cha mwenzake pembeni kabisa, aliye pembeni hupata sehemu ndogo. Kuna hata hali ambapo mishipa ya damu ndani ya kondo la pamoja huunganika na damu ya mmoja kumwendea mwenzake. Hutokea kwa mimba 10 hadi 15 katika kila 100 za mapacha wenye kondo moja, na hiyo ni hatari inayohitaji hospitali kubwa kabla ya kuzaliwa. Kwa Kurwa na Doto halikutokea jambo zito kama hilo. Doto alipata tu sehemu ndogo. Uzito wake umepungua kwa kama asilimia 21 ya uzito wa Kurwa, na tofauti ikishapita asilimia 20 wakunga na madaktari huanza kumfuatilia yule mdogo kwa karibu.

Kwa hiyo ufupi wa pacha una madeni mawili: la wiki na la kondo. La wiki hulipwa na karibu kila mtoto mzima wa afya. La kondo huchukua muda mrefu zaidi, na baadhi hubakiza kidogo.

Tufuate sasa kliniki. Watoto wanafikisha miezi sita kwa kalenda. Kurwa ana sentimita 62.5, Doto 60.5. Muuguzi anafungua jedwali la Shirika la Afya Duniani, lile lililotolewa mwaka 2006 kutokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Msichana wa miezi sita, linasema, yuko katikati akiwa na sentimita 65.7, na akishuka chini ya 61.2 anahesabiwa kuwa amedumaa. Doto yuko chini ya mstari. Kwenye kadi anawekewa alama ya udumavu, mama anaulizwa anampa nini, na anarudi nyumbani ameinamisha kichwa.

Kosa hapo halikuwa la mama. Jedwali lile lilijengwa kwa watoto waliozaliwa mmoja mmoja na mimba ikatimia; mapacha hawakuingizwa. Doto alizaliwa wiki nne kabla ya wakati, na mwili wake una umri wa miezi mitano, si sita. Msichana wa miezi mitano yuko katikati akiwa na sentimita 64.0, na mstari wa udumavu uko kwenye 59.6. Kwa umri wake halisi Doto ni mfupi, lakini hajadumaa, na Kurwa amebakiza sentimita moja na nusu tu kufika katikati. Watoto ni wale wale na urefu ni ule ule. Kilichobadilika ni umri uliosomwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua 40, toa wiki ambazo mimba ilikuwa nazo siku ya kuzaliwa. Jibu ndilo la kupunguza katika umri wa mtoto kila anapopimwa. Aliyezaliwa wiki ya 36 anapunguziwa wiki nne, na aliyezaliwa wiki ya 32 anapunguziwa wiki nane, yaani karibu miezi miwili, ambayo kwa mtoto mchanga ni sentimita nyingi. Inaendelea hivyo mpaka anapotimiza miaka miwili, halafu inaachwa, kwa sababu kwa umri huo mwezi mmoja hauzidi sentimita moja. Chanjo hazihusiki na hesabu hii. Hizo hufuata kalenda ya kawaida. Mama wa mapacha aandikishe wiki za mimba kwenye ukurasa wa kwanza wa kadi ya kila mtoto, kwa maandishi makubwa, na awakumbushe wapimaji bila kuona haya. Kliniki yenye foleni ndefu haina muda wa kuzitafuta.

Mwaka mmoja kwa kalenda, miezi 11 kwa umri halisi: Kurwa 71.8, Doto 70.0, na katikati ya wasichana wa miezi 11 ni 72.8. Miaka miwili: Kurwa 85.5, Doto 84.0, katikati 86.4.

Mtu anaweza kusoma namba hizo na kukata tamaa kidogo juu ya Doto. Alizaliwa amepungukiwa sentimita tano, na baada ya miaka miwili mizima bado anadaiwa mbili na nukta nne. Lakini sentimita moja haina uzito ule ule katika kila umri. Watoto wachanga hawatofautiani sana: kutoka katikati hadi mstari wa udumavu ni sentimita 3.7 tu kwa msichana aliyezaliwa leo. Kwa msichana wa miaka miwili nafasi hiyo imepanuka hadi 6.4. Siku ya kuzaliwa Doto alikuwa chini ya mstari kabisa. Sasa amekwisha kuiacha zaidi ya nusu ya safari kutoka mstarini hadi katikati, na shangazi akimkuta akicheza na watoto wa jirani hatamtambua kwa ufupi.

Kasi hiyo inatoka wapi? Mwaka 1963 Andrea Prader, James Tanner na Gustav-Adolf von Harnack waliandika juu ya watoto ambao ugonjwa au njaa ilisimamisha ukuaji wao. Kizuizi kilipoondolewa, watoto hao hawakurudia mwendo wa kawaida. Walikwenda kwa kasi iliyopita ya wenzao, na walipoikaribia njia yao ya awali kasi ikapungua. Mwili wa mtoto hufanya kana kwamba unajua unakokwenda. Pacha aliyebanwa tumboni hufanya vivyo hivyo akishazaliwa na kupata maziwa ya kumtosha: gegedu zilizo kwenye ncha za mifupa mirefu, ambazo ndizo zinazorefusha mtoto, zilikuwa zimepunguza kazi kwa uhaba, na sasa huiongeza. Kwa kawaida mama ataona uzito ukitangulia na urefu ukifuata baada ya wiki kadhaa. Sehemu kubwa ya kufikia wenzao hutokea katika mwaka wa kwanza, hasa miezi sita ya mwanzo, kisha huendelea polepole.

Polepole kwa muda gani? Mjini Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, kulikuwa na utafiti uliowapima mapacha mara kwa mara tangu kuzaliwa kwa miaka mingi. Ronald Wilson aliyeuongoza alichapisha mwaka 1979 vipimo vyao mpaka umri wa miaka tisa. Pengo lilipungua haraka mwanzoni, likabaki dogo miaka ya kabla ya shule, na walipofika miaka minane mapacha hawakuwa na tofauti ya maana na watoto waliozaliwa peke yao. Uholanzi, ambako daftari la kitaifa la mapacha lilianzishwa mwaka 1987, nako ilionekana kwamba kufikia mwisho wa ujana mapacha ni warefu sawa na watu wengine.

Vipimo vya Louisville vilionyesha pia jambo ambalo mimi naliona kuwa la ajabu kuliko yote katika habari hii. Siku ya kuzaliwa, mapacha wanaofanana walitofautiana kwa ukubwa hata kuliko wasiofanana, kwa sababu wanagombea kondo moja. Kadiri miaka ilivyokwenda, wanaofanana walizidi kusogeleana kwa urefu hadi wakawa karibu sawa. Wasiofanana walikwenda kinyume: waliozaliwa wakilingana walizidi kuachana, mpaka wakatofautiana kama ndugu wengine wowote wa tumbo moja. Tumbo la mama huamua ukubwa wa mtoto siku ya kwanza, halafu nasaba ya baba na mama huchukua usukani, na kwa sehemu kubwa huwa imekwisha kuushika mtoto anapotimiza miaka miwili.

Kwa hiyo kama Kurwa na Doto ni wa yai moja, tutegemee watakaribiana. Hata hivyo tusimwahidi mama yao usawa kamili. Tafiti zilizokusanya mapacha wa nchi nyingi zinaonyesha kwamba kati ya wanaofanana, yule aliyezaliwa mdogo huelekea kubaki mfupi kidogo hata utu uzimani. Tofauti hiyo kwa kawaida ni ndogo, na kadiri walivyoachana uzito siku ya kuzaliwa ndivyo huwa kubwa. Kama ni wa mayai mawili, Doto anaweza kuishia mfupi kwa sababu tu amemfuata bibi yake mfupi, au akampita Kurwa kwa kichwa kizima. Kumpima pacha asiyefanana kwa kumsimamisha ubavuni mwa mwenzake hakumwambii mzazi lolote kuhusu lishe. Na pacha wa kike na wa kiume wana hadithi yao: msichana hubalehe karibu miaka miwili mapema, hivyo kwenye miaka 11 au 12 mara nyingi humpita kaka yake, na kaka humpita tena baada ya kuanza kurefuka, kwenye miaka 13 au 14 hivi.

Yote haya nimeyaeleza kana kwamba baada ya kuzaliwa mambo yalikwenda vizuri. Huku kwetu hilo haliji lenyewe. Utafiti wa afya ya jamii wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na wa Kenya wa mwaka huo huo ulikuta 18. Hao wengi wao si mapacha. Pacha huanza na akiba ndogo kuliko wao, halafu huingia katika nyumba ile ile yenye uji ule ule. Hapo ndipo maneno "mapacha huwa wadogo tu" yanapoleta madhara, kwa sababu yanaufunika udumavu uliopaswa kuonekana na kushughulikiwa.

Dalili za mapema ziko kwenye kunyonya. Pacha mdogo huchoka upesi, husinzia ziwani baada ya dakika chache, na kwa kuwa halii sana, watu humsifu kwa upole. Mwenzake mwenye nguvu hunyonya mpaka mwisho. Maziwa ya mama huongezeka kadiri yanavyonyonywa au kukamuliwa, na akina mama wengi huweza kuwatosheleza wawili, lakini mgawanyo lazima usimamiwe. Mdogo aamshwe anyonye angalau kila saa tatu, usiku nao. Abadilishiwe ziwa asiwe na lake lililo dhaifu. Akishindwa kumaliza, maziwa yakamuliwe apewe kwa kikombe. Akibebwa kifuani ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu, hatumii chakula chake kupigana na baridi. Njia hiyo ilipojaribiwa tangu dakika za mwanzo kwa watoto wadogo sana katika nchi tano, Dar es Salaam ikiwa mojawapo ya vituo, vifo vilipungua kwa robo; matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Mdogo huzaliwa pia na akiba ndogo ya madini ya chuma, kwa hiyo mama aulize kliniki kuhusu matone ya madini hayo tangu mwezi wa pili. Maziwa ya kopo yaliyozimuliwa ili yawafae wawili kwa bei ya mmoja, na uji wa mapema kabla ya miezi sita, ndivyo vitu viwili ninavyoviogopa zaidi. Vyote viwili humshibisha mtoto bila kumlisha, na kuhara kukiongezeka juu yake, miezi ile sita ya kasi hupita bure.

Kupima nako kuna mitego. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa amelala juu ya ubao wenye kizuizi kichwani na kingine miguuni, na lazima watu wawili wamshike. Akipimwa kwa utepe wa fundi cherehani huku akirusha miguu, namba itakayoandikwa inaweza kupotoka kwa sentimita mbili. Baada ya miaka miwili hupimwa amesimama, na kwa kusimama tu urefu hupungua kwa kama sentimita 0.7. Mama akiona mtoto "amepungua" baada ya kutimiza miaka miwili, ajue ni ubao uliobadilika.

Kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtoto. Kinachoangaliwa ni mwelekeo wa mstari wake kati ya vipimo vitatu au vinne, umri ukiwa umesahihishwa. Mstari unaopanda kuelekea katikati, kama wa Doto, ni wa mtoto anayelipa deni, hata kama bado yuko chini. Mstari unaokwenda sambamba na wa katikati baada ya mwaka wa kwanza unaweza kuwa wa mtoto wa wazazi wafupi. Mstari unaolala wakati wa katikati unapanda ni wa mtoto mwenye njaa au mgonjwa, na upacha hauwezi kuueleza.

Katika watoto waliozaliwa wadogo kuliko wiki zao, karibu tisa katika kila kumi huwa wamerudi juu ya mstari wa udumavu kufikia miaka miwili. Waliozaliwa mapema sana huvumiliwa mpaka miaka minne. Baada ya hapo, pacha ambaye bado yuko chini ya mstari apelekwe kwa daktari wa watoto. Ataulizwa urefu wa baba na mama, atapimwa damu kuangalia tezi ya shingo na magonjwa sugu, na huenda akapigwa picha ya eksirei ya kiganja cha kushoto ili umri wa mifupa yake ujulikane. Mifupa iliyo nyuma ya umri humpa daktari tumaini, kwa sababu ina muda zaidi wa kurefuka. Wachache huhitaji sindano za homoni ya ukuaji, ambazo ni ghali na hutolewa kwa miaka. Kadi ya kliniki ya pacha mwenzake iletwe pia siku hiyo, hata kama yeye hana tatizo, kwa kuwa mistari yao miwili ikiwekwa pamoja huonyesha mwezi gani mmoja alianza kuachwa, na pengine mama atakumbuka nini kilitokea mwezi huo.